Kasi ya roketi mafuta yakiisha, na ile v inayokaa mahali si pake

Juzi hapa Kisumu nimeona tena kijana akipiga hesabu ya roketi, masi inapungua, kwa hivyo akachukua kanuni ya Newton akaandika hivi:

```
m dv/dt + v dm/dt = -mg
```

Inakaa poa, si ndiyo? Ni kosa. Toa graviti kabisa uone, hiyo ekwesheni inasema mv haibadiliki, na kwa vile roketi ilianza ikiwa imesimama mv ni sifuri, basi haitoki hapo hata ikichoma mafuta yote.

Ama chukua lori la mchanga linaloelekea Ahero, barabara ni tambarare, injini imezimwa, tusahau msuguano. Tundu likitokea chini mchanga uanze kuvuja, hiyo ekwesheni inataka lori liongeze spidi, na masi ya lori pamoja na mchanga ikifika nusu ya ilivyokuwa, spidi iwe mara mbili! Nani amewahi kuona hiyo? Mchanga unaoanguka unaondoka na spidi ileile ya lori, unabeba momenta yake, lori haliongezewi kitu. Lakini panda juu na sepetu urushe mchanga kwa nguvu kwenda nyuma, hapo sasa lori litasukumwa. Kinachohesabika ni kasi ya kile kinachotoka ukiipima kutoka kwa lori lenyewe, si kutoka barabarani. Tuiite u.

Kwa roketi ni hivyo hivyo. Gesi kidogo inatoka, kasi yake ukiwa chini ni v - u, ukijumlisha momenta ya gesi na ya roketi v inajikata yenyewe, inabaki:

```
m dv/dt = -u dm/dt - mg
```

dm/dt ni hasi juu masi inapungua, ndiyo maana ile sehemu ya kwanza inasukuma mbele. Gawanya kwa m, intigreti kutoka mwanzo, masi ikiwa m0, hadi mafuta yaishe baada ya muda T, masi ikibaki m1:

```
v = u ln(m0/m1) - gT
```

Tuseme roketi ina kilo 10,000, mafuta yakiwa 8,000 ndani ya hizo, u ni mita 2,500 kwa sekunde, na inachoma kilo 100 kila sekunde. T ni sekunde 80. ln 5 ni 1.609, kwa hivyo 4,024 toa 784, unapata kama mita 3,240 kwa sekunde (ukinzani wa hewa tumeuacha, na g tumeshika 9.8 tu). Na mafuta kuisha si kusimama, jamani, hapo ndipo iko mbio zaidi na bado inapanda.

Kwa hivyo kijana wangu, usirarue karatasi. Rudi kwa mstari wako wa kwanza, ile v iliyo kando ya dm/dt ifute uandike u, hiyo herufi moja tu, zingine zote ziko sawa.