Vali Inayokwama: Msikilaumu Kidhibiti Kabla ya Kusoma Grafu

Tangu tuanze kukagua mifumo ya maji moto viwandani hapa Nairobi, lalamiko moja halituishi: "Mtiririko unayumba, kidhibiti kimeharibika." Kwa heshima zote, someni grafu kwanza.

Katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, SP, yaani mtiririko unaotakiwa, ilikuwa mita za ujazo 12 kwa saa. PV, yaani mtiririko unaopimwa, haikutulia hapo kamwe. Ilikaa 11.4 kwa dakika mbili hivi, ikaruka ghafla hadi 12.6, ikakaa, ikaanguka tena. Wakati PV imelala, OP, yaani amri ya kidhibiti kwa vali, ilikuwa ikitambaa, mara ikipanda kuelekea asilimia 44, mara ikishuka kuelekea 41. PV ilichora pembe za mraba, OP ikachora meno ya msumeno.

Pakingi, yaani kizibo kinachozuia mvujo kandokando ya shina, ilikuwa imelibana shina la vali. Kidhibiti kikiona maji machache kinaongeza amri, hewa inayosukuma shina inajaa, shina halisogei. Nguvu ikishinda msuguano, shina linachomoka na kupita pale palipotakiwa, maana kitu kikishaanza kutembea msuguano wake hupungua. Sasa maji yamezidi, kidhibiti kinaanza kurudi. Sehemu yake ya integrali, ile inayojumlisha kosa, haitulii maadamu kuna tofauti kati ya SP na PV, kwa hiyo kazi inaanza upya.

Fundi wa zamu alikuwa ameshapunguza geini, yaani ukali wa kidhibiti, kwa nusu. Mzunguko wa dakika nne ukawa wa dakika tisa, lakini PV iliruka vilevile. Jamani, huko si kutibu.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Mjulishe msimamizi wa zamu, andika saa na thamani ya OP daftarini, mwombe atie saini. Bila saini hatulipokei jaribio. Vali itaandikwa haijapimwa na itabidi tuje tena. Kisha toa kidhibiti kwenye otomatiki, uache OP ilipo. Pale kiwandani PV ilinyooka dakika kumi nzima, tukajua myumbo hautoki kwingine. Tukapandisha OP hadi PV ikasogea, halafu tukaishusha kwa nusu asilimia, tukingoja dakika moja kila hatua. PV ilisogea hatua ya sita. Asilimia 3 zilikuwa zimemezwa na msuguano.

Nati za pakingi zilikuwa zimekazwa kupita kiasi ili kuzuia mvujo, jambo tunaloliona mno. Pakingi ilibadilishwa.

Msitumie kigezo cha pembe za mraba kwenye tangi la maji: kina chake hujumlisha mtiririko, hivyo PV yenyewe huchora pembetatu. Na kama kompyuta yenu huhifadhi wastani wa kila dakika tano, mruko wa dakika mbili hautaonekana. Tuleteeni data ya kila sekunde.