Mume amehukumiwa, nyumba itauzwa: fungu la mke hupatikanaje

Wengi hudhani mtu akipatikana na hatia ya kuuza dawa za kulevya, serikali huibeba nyumba yake nzima. Sheria ya Kenya ya mapato ya uhalifu ya 2009 haiendi hivyo. Baada ya hukumu, kifungu cha 61 huitaka mahakama ichunguze mshtakiwa alifaidi kiasi gani, kisha inaweza kumwamuru ailipe serikali kiasi cha fedha. Deni ni lake yeye. Nyumba huingia kwa sababu ndiyo itakayouzwa deni lilipwe, na kwenye nyumba hiyo fungu lake ndilo linalouzwa.

Iko njia nyingine, ya madai, inayoiandama mali yenyewe hata kama hakuna aliyehukumiwa. Karatasi ya mahakama ya kuzuia mali ikiletwa nyumbani, tazama kwanza imetaja kifungu gani. Cha 68 ni zuio la upande wa jinai, cha 82 ni la upande wa madai, na muda na utaratibu wa kujibu si mmoja.

Tuchukue mfano wa nyumba Bamburi. Kiwanja kilinunuliwa kwa shilingi 2,400,000, ujenzi ukala 3,600,000. Mke alitoa 900,000 kwenye kiwanja, fedha za kuuza fungu lake la urithi, na 600,000 kwenye ujenzi, mkopo wa sako alioulipa kwa makato ya mshahara. Jumla yake ni 1,500,000 kati ya 6,000,000, yaani robo. Leo mthamini anasema nyumba ni 8,000,000. Kosa ninaloliona sana ni mke kudai arudishiwe 1,500,000, kana kwamba alimkopesha mumewe. Adai robo ya nyumba, ambayo leo ni 2,000,000. Ikiwa mahakama imekadiria faida ya mume kuwa 5,000,000, itakatwa kwenye 6,000,000 zilizo zake, abaki na milioni moja. Nimeacha nje gharama za kuuza, ambazo hutangulia kutolewa.

Kiapo cha mke kitapimwa kwa mizani ya madai: lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Lakini risiti ya saruji peke yake haitoshi, kwa kuwa inaonyesha fedha zilikwenda wapi bila kusema zilitoka wapi. Mlolongo uwe mzima: mkataba wa kuuza urithi, fedha kuingia benki, fedha kutoka, muuza kiwanja kupokea. Hapo katikati ndipo madai mengi hufa. Ikionekana siku tatu kabla ya malipo mume aliweka 900,000 taslimu kwenye akaunti ya mke, hizo zitahesabiwa ni za mume zilizopitia kwake. Ataulizwa pia kama alijua. Mume asiye na kazi inayojulikana akilipa ujenzi kwa mabunda ya noti, jibu la "sikuuliza" halitamsaidia.

Je, kupika na kulea? Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inavihesabu kuwa mchango, na Mwislamu anaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Hata hivyo Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, mchango uthibitishwe. Tena hiyo ilikuwa kesi ya mume na mke. Hapa mpinzani ni serikali, inayosema nyumba imejengwa kwa fedha za haramu, na haramu haigawanywi kwa sababu ya ndoa. Mimi singeutegemea mchango huo peke yake.

Hiba nayo, tunayoipenda sana Pwani, haiokoi. Mume akimwandikia mtoto nyumba bila malipo, au kwa bei ya kutupa, sheria huitazama kama zawadi, na thamani yake yaweza kurudishwa kwenye hesabu ya mali ya mume. Muhuri wa kadhi haubadilishi hilo.

Kwa nyumba bila ardhi, kama zile za Majengo, hati ya kiwanja ina jina la mwenye ardhi, kwa hiyo upekuzi kwenye ofisi ya ardhi hautakutaja. Leta mkataba wa kununua nyumba na risiti za kodi unayomlipa mwenye ardhi. Risiti ikiwa kwa jina lako tangu kabla ya kosa kutendwa, ina uzito kuliko viapo vitatu vya majirani.

Maombi yapelekwe kabla ya mnada, kwenye mahakama iliyotoa zuio, ukiomba fungu lako litambuliwe na litengwe. Mahakama inapaswa kuwapa nafasi ya kusikizwa wote wanaojulikana kuwa na haki kwenye mali hiyo kabla ya kuuzwa, lakini haiwezi kumjua asiyejitokeza. Ambatisha tathmini ya sasa ya mthamini aliyesajiliwa. Na kiapo uape wewe mwenyewe. Mume aliyeko gerezani akikuapia, wakili wa serikali atasema mwenye deni ndiye anayejipunguzia.