Mwandiko Uliopigwa Skani na Alama za Kitambuzi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Programu ikisoma mwandiko kwa usahihi wa asilimia 98, makosa machache yaliyobaki hayawezi kubadili alama ya kitambuzi.

Anayeamini hivi hudhani kwamba kitambuzi cha maandishi ya mashine husoma kama msahihishaji wa insha, ambaye akikuta "rnwalimu" hutambua mara moja kuwa ni "mwalimu" na kuendelea na sentensi. Vitambuzi vinavyopima kutotabirika havifanyi hivyo. Huipitia matini kipande kwa kipande, vikikadiria kila kipande kilikuwa na uwezekano gani wa kufuata yaliyotangulia, kisha hutafuta wastani wa mshangao wote. Matini inayotabirika mno huhesabiwa kuwa ya mashine, na yenye mishangao mingi huhesabiwa kuwa ya mtu.

Tuchukue insha ya maneno 100, yenye herufi zipatazo 600, ambayo mashine iliitunga na mwanafunzi akainakili kwa kalamu. Ili hesabu iwe nyepesi, kila neno na liwe kipande kimoja chenye mshangao wa biti 3, biti zikiwa ndiyo vipimo vya mshangao. Kiwango cha kutotabirika ni 2 kwa kipeo cha wastani wa biti, hapa 2 kwa kipeo cha 3, yaani 8. Sasa programu ya kusoma mwandiko ikosee herufi moja katika maneno 8. Hayo ni makosa 8 kwa herufi 600, takribani asilimia 1.3, na mwenye programu angejisifu kwa matokeo hayo. Lakini "rnwalimu" si neno ambalo modeli ya lugha inalijua, kwa hiyo hukatwa, tuseme vipande vitatu, na kila kipande kikaleta biti 12. Maneno 92 yaliyosomwa vizuri yanatoa biti 276, na vipande 24 vya maneno yaliyoharibika vinatoa biti 288. Jumla ni biti 564 kwa vipande 116, wastani wa 4.86, na kiwango cha kutotabirika kinaruka kutoka 8 hadi 29 hivi. Ikiwa mpaka wa kitambuzi umewekwa kwenye 20, insha ya mashine imeshavuka na kuwa "ya mtu". Biti hizo nimezichagua kwa ajili ya mfano, ila ukokotoaji wenyewe ndio huo, tena mfano wangu ni mpole, kwa sababu neno lililoharibika huwapotezea muktadha hata maneno yanayolifuata.

Dhana: Basi makosa ya usomaji humnufaisha mwandishi daima.

La hasha. Inategemea programu imekosea kwa namna gani. Ile inayofuata umbo la herufi tu huacha takataka zinazoonekana: "m" inakuwa "rn", "l" inakuwa "1", neno lililokatwa mwishoni mwa mstari linabaki vipande viwili. Lakini programu nyingi za siku hizi hubeba pia ujuzi wa lugha, na pale wino unapofifia hukisia neno linaloelekea zaidi. Mwanafunzi ameandika "sukali". Programu inatoa "sukari". Alifuta neno na kuandika jingine juu yake. Programu inatoa sentensi safi, isiyo na mkwaruzo. Vilivyoondolewa ni vile hasa vilivyokuwa alama za mkono wa mtu, na kutotabirika kunashuka, hivyo aliyeandika mwenyewe anaweza kushukiwa bure.

Hatari ni kubwa zaidi kwa anayeandika lugha ya kujifunza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulipima vitambuzi saba kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo, zilizoandikwa na watu, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, kwa kuwa msamiati wake ulikuwa finyu na wa kutabirika. Matini ya namna hiyo ikipigwa pasi na programu ya usomaji, inasogea upande uleule mbaya.

Dhana: Matini ikisafishwa kwanza, alama itakuwa ya haki.

Kisahihisha tahajia hakijui kosa lipi ni la skana na lipi ni la mwanafunzi. Hufuta yote mawili. Ukiipa kazi hiyo modeli kubwa ya lugha, alama utakayopata ni ya modeli iliyosafisha.

Kipimo kinachoaminika ni cha kuchosha: chukua ukurasa mmoja, uupige chapa kwa mkono herufi kwa herufi, makosa ya mwandishi yakiwemo, kisha upitishe kwenye kitambuzi matini hiyo na ile ya programu. Tofauti ya alama mbili ndiyo mchango wa usomaji. Kitambuzi kikionyesha mshangao wa kila neno, angalia vilele vyake: vikiangukia kwenye "rn" na "1", kinachopimwa ni skana. Ulainishaji, yaani programu kusahihisha maneno kwa kukisia, kinyume chake, hauachi alama yoyote ndani ya faili, na hauwezi kugunduliwa ikiwa karatasi yenyewe imeshatupwa.