Hatifungani inayokombolewa mapema, na hatari ya kuwekeza upya

Hatifungani nyingi zina tarehe moja tu ya kuiva. Nyingine zina mbili: tarehe ya mwisho, na nyingine ya mapema ambayo kuanzia hapo mkopaji anaruhusiwa kukulipa mtaji wako na kufunga deni. Ruhusa hiyo ni yake peke yake. Wewe mwenye hati huna haki ya kumlazimisha, wala ya kumzuia.

Chukua hatifungani ambazo Hazina ya Marekani ilizitoa Novemba 1984. Zilikuwa za miaka 30, riba asilimia 11.75 kwa mwaka, na serikali ilijiwekea haki ya kuzikomboa baada ya miaka 25. Riba za soko zilikuwa juu sana wakati ule. Kufikia 2009 zilikuwa zimeporomoka, na Hazina ingeweza kukopa kwa miaka mitano kwa asilimia 2 na kitu. Kwa nini iendelee kulipa 11.75? Ilitoa notisi, na Novemba 2009 ikawarudishia watu fedha zao.

Aliyekuwa na hati za dola 10,000 alikuwa akipokea dola 1,175 kila mwaka. Alirudishiwa 10,000 zake kamili, hakuibiwa hata senti. Lakini akizipeleka kwenye hatifungani mpya ya serikali ya miaka mitano, angepata dola 200 na ushee kwa mwaka. Hiyo ndiyo hatari ya kuwekeza upya: mtaji uko salama, ila hauna tena pa kwenda kwa riba ile ya zamani. Tena haiji kwa bahati mbaya, maana mkopaji hukomboa hasa pale riba zinaposhuka. Zikipanda hakomboi, na wewe unabaki na hati yenye riba ndogo huku wengine wakipata zaidi.

Kwa sababu hiyo hatifungani za namna hii kwa kawaida hutoa riba ya juu kidogo kuliko zisizokombolewa. Ile nyongeza ni malipo ya haki uliyompa mkopaji, si zawadi.

Wanaoumia zaidi ni wanaonunua sokoni kwa bei ya juu kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Tuseme hati ya dola 1,000 yenye riba ya asilimia 11 inauzwa 1,080, na inaweza kukombolewa baada ya miaka miwili. Ikikombolewa, utakuwa umepokea riba ya dola 220 na mtaji wa 1,000. Faida yako ni dola 140 kwa miaka miwili, yaani kama asilimia 6.5 kwa mwaka, si 11. Dalali akikutajia faida ya kushika hati hadi iive, mwulize pia faida hadi tarehe ya kwanza ya kukombolewa, kisha fanya uamuzi kwa ile iliyo ndogo.