Nizalie wapi? Maswali ya mama wa Kisiwa Panza kuhusu spitali ya serikali, ya binafsi na ya dini

Shikamoo Bi Mkunga. Nakaa Kisiwa Panza, nina mimba ya nne, wiki 32. Uzazi uliopita nilitokwa na damu nyingi baada ya mtoto kutoka, wakanambia mji wa uzazi haukubana. Mama mkwe anataka nizalie kituo cha karibu kama wakati ule. Mume wangu anataka kliniki ya binafsi Chake Chake, na wifi yangu ananisifia spitali ya watu wa dini huko Unguja. Nifuate lipi?

Marahaba mwanangu. Kwa ulivyonieleza, nenda Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, na uwe umeshavuka maji kabla uchungu haujakushika.

Nikueleze sababu, ili na mama mkwe umueleze. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, mji wa uzazi unatakiwa ujikaze uwe mgumu, na kule kujikaza ndiko kunakobana mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo. Ukibaki laini, mishipa inabaki wazi. Aliyepata tatizo hili mara moja yuko karibu zaidi kulipata tena kuliko mwenzake ambaye halijawahi kumtokea.

Nesi mkunga wa kituo kidogo ana la kufanya. Dakika ya kwanza baada ya mtoto kutoka humchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, kisha hukanda tumbo na kuangalia kama kondo limetoka zima. Wengi damu hukata hapo hapo. Tatizo ni wale ambao haikati. Wao wanahitaji dawa nyingine na dripu, pengine damu ya kuongezwa, na mara nyingine chumba cha upasuaji. Mambo mawili hayo ya mwisho kituo kidogo hakina, hata mkunga wake awe hodari vipi. Damu ikitoka kwa kasi bila kuzuiwa, mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kufa ndani ya muda wa kama saa 2. Kwa hiyo mahali popote utakapotajiwa, kwanza uliza: kutoka kitanda cha kuzalia hadi kwenye damu na chumba cha upasuaji ni muda gani?

Lakini Mkoani si mbali. Nikianza kutoka damu si nitapakiwa boti tu?

Tuihesabu safari yenyewe, maana kwa sisi wa visiwa vidogo umbali hauhesabiwi kwa kilomita. Tuseme ni saa 8 usiku na maji yamekupwa. Kumwamsha mwenye boti na kutafuta mafuta, dakika 30. Kukubeba hadi chombo kilipo, kwenye tope na mawe, dakika 20. Kuvuka hadi Chokocho kwa maji yale madogo, dakika 30. Kusubiri gari upande wa pili, ikiwa mtu alishampigia simu dereva, dakika 20. Barabara hadi Mkoani, dakika 40. Mapokezi na kupimwa kundi la damu, dakika 20. Jumla ni dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40, na hapo hakuna kilichoharibika njiani. Bado sijatia usiku wa bamvua, maji yanapokimbia mbali na chombo kikakaa mchangani, wala siku za kusi kali ambazo nahodha mwenye akili hatoki.

Mchana, maji yakiwa yamejaa na gari liko tayari, safari hiyo hiyo inaweza kupungua karibu nusu. Lakini damu haichagui saa ya maji kujaa. Ndiyo maana nakwambia uvuke ukiwa mzima, ukiwa unatembea kwa miguu yako. Ukifikisha wiki 37, hamia kwa jamaa aliye Mkoani au karibu na barabara iendayo Mkoani. Huna jamaa huko? Waulize kliniki mapema kuhusu mahali pa kusubiria, na mwambie anayejitolea wa afya ya jamii wa shehia yenu. Hawa wa Jamii ni Afya kazi yao mojawapo ni kukaa na familia na kupanga safari ya uzazi.

Serikalini wanasema kuzaa ni bure. Mbona jirani yangu alitumia fedha nyingi?

Huduma ya kujifungua katika hospitali za serikali Zanzibar hailipiwi, na ukihitaji upasuaji hutakiwi kuulizwa fedha kwanza. Fedha za jirani yako bila shaka zilikwenda pembeni: boti, gari, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, kanga, pamba, beseni. Tena zipo siku dawa fulani imekwisha stoo ukaandikiwa ukanunue duka la dawa. Hilo linaudhi, lakini lipangie.

Nakupa mfano wa hesabu, bei utazibadilisha kwa za kwenu. Boti 40,000, gari 50,000, chakula na akiba ya dawa 50,000. Jumla shilingi 140,000. Kutoka wiki 32 hadi 37 una wiki 5, kwa hiyo weka 28,000 kila wiki, na zisikae kwa mtu anayeweza kuzikopesha. Ukivuka mchana na abiria wengine badala ya kukodi usiku, hizo 40,000 za boti nyingi zitabaki mkononi. Kumbe kuhama mapema ndiyo njia iliyo salama na ndiyo iliyo rahisi pia.

Mume wangu anasema kliniki ya binafsi kuna usafi, hakuna msongamano, na daktari anakuwa wako. Ana kosa gani?

Hana kosa katika kutaka utunzwe vizuri. Kulala wawili kitanda kimoja, au kujibiwa kwa ukali ukiwa na uchungu, ni mambo yanayowakimbiza wanawake, na mimi siyatetei hata kidogo.

Ila mwambie aende mwenyewe pale kliniki akaulize, tena kwa kutaja Ijumaa usiku: nani atafanya upasuaji, nani atatoa dawa ya usingizi, na damu iko wapi? Akijibiwa kwamba daktari wa upasuaji yuko, mtoa usingizi analala karibu, na damu ya kundi lako iko kwenye jokofu hapo hapo, basi ni mahali pa kufikiriwa. Akijibiwa “tunampigia simu” au “tunampeleka spitali ya serikali,” ajue atalipa kitanda cha kliniki, atalipa na gari la kukuhamisha, kisha utafika kule kule serikalini umechelewa na damu imeshapungua.

Aombe pia bei iliyoandikwa, ya uzazi wa kawaida na ya upasuaji, kila moja peke yake. Watu hutajiwa ile ya kwanza wakajiandaa nayo, halafu usiku wanatakiwa malipo ya awali ya ile ya pili. Kwa mama asiye na tatizo lolote, aliyezaa salama mara mbili tatu na anaishi jirani na kliniki yenye wakunga wazuri, ningesema fanya utakavyo. Kwako wewe, itumie kwa vipimo ukipenda. Kuzaa, hapana.

Na ile ya dini? Wifi yangu anasema wana huruma na bei yao si kubwa.

Huruma nakubali, nyingi zina wauguzi wenye subira. Bei mara nyingi inakaa katikati, kwa sababu hazitafuti faida lakini dawa wanazinunua. Jina la dini mlangoni, hata hivyo, halikwambii ndani kuna nini. Huko Bara zipo hospitali za kanisa zilizo kubwa kiasi cha kufanywa hospitali teule za wilaya, zina upasuaji na damu, na sifa zake zimevuka hadi huku. Usizipe sifa hizo zahanati ya jumuiya ya dini yenye vitanda vichache. Maswali ya Ijumaa usiku ni yale yale.

Kwako wewe kuna la ziada: ni Unguja. Utapanda meli ukiwa na mimba kubwa, utakaa kwa watu wiki kadhaa, na watoto watatu umewaacha nyuma. Ungekuwa na tatizo ambalo Pemba haliwezekani, madaktari wenyewe wangekuandikia rufaa ya Mnazi Mmoja. Kutokwa na damu baada ya kuzaa si tatizo la namna hiyo, Abdalla Mzee wanalishughulikia.

Mume wangu huenda dago kuvua, anaweza kukaa wiki mbili huko. Likitokea jambo nani ataamua?

Umeuliza swali ambalo wengi hawaliulizi. Nimeona wanawake wakisubiri mtu arudi kutoka dago, simu haishiki, na wazee nyumbani wanaogopa kutoa idhini. Kabla hajaondoka safari ijayo, kaeni wewe, yeye na mama mkwe, aseme mbele ya wote kwamba ruhusa ameshatoa, na amtaje mtu mmoja wa kukupeleka. Namba ya mwenye boti na ya dereva ziandikwe kwenye karatasi ndani ya kadi yako ya kliniki.

Hapo hapo mpate ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Wakatoe mapema ikiwa wataelekezwa hivyo, wasingoje kuitwa. Na wewe uliza kama kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi, kisha upimwe tena wingi wa damu unapokaribia wiki 36. Ikiwa chini ya 11 una upungufu. Mwenye upungufu akipoteza damu kidogo tu huanguka, wakati mwenzake angestahimili. Vidonge vya madini ya chuma unywe kila siku, visikae kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu. Vinywe usiku baada ya kula, na chai isiwe karibu yake.

Nikishazaa salama naweza kurudi siku ile ile?

Usirudi. Kaa hospitali saa 24 zote, hata kitanda kikitakiwa na mtu mwingine. Ukiingia tu, mwambie mkunga kwa mdomo wako: “Uzazi uliopita nilitoka damu nyingi.” Usitegemee kwamba ataisoma kadi, ukifika uchungu umekaza huenda asiifungue. Akijua, ataweka mrija wa dripu mapema na dawa itakuwa mkononi.

Mtoto akishatoka, awekwe titini mapema, kunyonya kunasaidia mji wa uzazi kubana. Kojoa mapema, kibofu kilichojaa kinauzuia usijikaze. Aliye nawe akuangalie kitambaa: kikilowa chote ndani ya dakika 5, au ukihisi kizunguzungu, jasho la baridi na moyo kwenda mbio, amwite nesi papo hapo, aseme kwa sauti. Akuguse na chini ya kitovu. Pakiwa pagumu kama mpira ni vyema, pakiwa palegevu nesi anatakiwa aje sasa hivi. Ukiruhusiwa, lala Mkoani angalau siku chache kabla ya kurudi Panza, na uvuke mchana maji yakiwa yamejaa.