Mto, kava la godoro na utitiri wa vumbi: maswali ya wasomaji

Mwanangu ana miaka sita. Akiamka anapiga chafya mfululizo na kujikuna macho, ikifika saa nne yuko sawa. Shuka nafua kila wiki kwa maji baridi. Tupo Njiro, Arusha, mashine ya kufulia hatuna. Nakosea wapi?

Dalili zinazochachamaa kitandani na kupungua mchana hutufanya tushuku utitiri wa vumbi. Huyu si utitiri wa kuku wala si kunguni: haumi, hanyonyi damu, na kwa macho humwoni. Anakula magamba ya ngozi yetu na kupata maji kutoka kwenye unyevu wa hewa, ndiyo maana hustawi zaidi masika. Kinacholeta mzio hasa ni kinyesi chake, na mtoto hulala pua ikiwa imezama humo.

Maji baridi na sabuni huondoa sehemu kubwa ya hicho kinyesi, kwa hiyo kazi yako haikuwa bure. Ila utitiri wenyewe wengi hubaki hai na kuanza upya. Unahitaji maji ya nyuzi 60, na bila mashine yanapatikana kwa kuchanganya. Kwa mwinuko wa Arusha, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Chemsha lita 10, mimina kwenye beseni, ongeza lita 5 za bomba: utapata karibu nyuzi 70, na yakishaingia kwenye nguo na beseni yatashuka kuelekea 60. Usipime kwa mkono, utaungua. Fuata vipimo tu.

Kama kuna damu au mkojo, suuza kwanza kwa maji baridi, maana moto hugandisha doa. Kisha weka vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga isiyo na manukato, tumbukiza shuka na foronya, gandamiza kwa mwiko wa ugali, funika dakika 15. Suuza mara tatu, hadi maji yasiteleze vidoleni. Sabuni iliyobaki nayo huwasha, na watu wengi hudhani ni mzio uleule.

Mto wake ni wa sufi. Nao naufua hivyohivyo?

Hapana. Sufi ikilowa hujikunja mabonge, katikati hubaki na unyevu kwa siku nyingi, na ukungu huanza. Hapo umebadilisha tatizo moja kwa jingine. Mto wa sufi uanike juani, ukung'utwe nje na mtu mzima asiye na mzio, mtoto akiwa mbali. Jua huukausha na kuua baadhi ya utitiri, ila kinyesi hubaki ndani. Kwa mtoto huyu tungenunua mto wa faiba.

Wa faiba hufulika. Tumia mchanganyiko uleule, lakini sabuni kijiko kimoja, kwa sababu povu hunasa ndani. Ugandamize kama chapati kutoa maji, usiusokote. Uanike ukiwa umelala, ugeuze kila baada ya saa mbili na kuchambua mabonge kwa vidole. Kabla ya kuurudisha, bana katikati kwa viganja: ukihisi ubaridi, bado haujakauka. Juni na Julai, mawingu yakitanda, anza asubuhi au ahirisha.

Kava la godoro lenye plastiki chini je?

Soma lebo. Likiruhusu nyuzi 60, changanya maji kwanza ndipo uliingize. Ukilimwagia maji yanayochemka, utando hubanduka. Usilikamue kwa kusokota wala usilipige pasi. Likikauka, mimina maji nusu glasi juu yake, ngoja dakika kumi, papasa chini. Pakiwa na unyevu, utando umetoboka. Na kava linalofunika juu tu huacha pembeni wazi. Lile la zipu linalozunguka godoro lote ndilo huwafungia utitiri ndani.

Nikitia jiki, au nikipuliza dawa ya mbu kitandani?

Dawa ya mbu usipulize. Hata ikiua, kinyesi kinabaki pale pale, na mvuke wake unaweza kumbana kifua mtoto mwenye pumu. Jiki pia ina harufu inayochokoza pumu, huharibu utando wa kava, na ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu. Maji moto yanatosha.

Nitaona nafuu lini?

Hesabu wiki, si siku, ukifua shuka na foronya kila wiki. Kava peke yake mara nyingi halileti tofauti kubwa. Miezi miwili ikipita bila mabadiliko, huenda chanzo ni kingine: ukungu ukutani, mende, paka. Akikohoa usiku au kifua kikitoa mlio, mpeleke kituo cha afya, na kama ana pampu ya pumu asiiache kwa sababu kitanda sasa ni kisafi.