Bandama imepita kitovu, na malaria haipo

Kuna mzee mmoja mfugaji wa huko Chamwino, sitini na kitu, aliletwa na binti yake bandama ikiwa imeshapita kitovu, ngumu kabisa. Ubavu wa kushoto ana chale za zamani, maana huku kwetu ukivimba upande huo unaanzia kwa mganga, halafu dawa za malaria, na yeye alishazimeza mara nne wakati kipimo hakioni mdudu.

"Daktari mwanangu, matonge matatu tu nimeshiba," akaniambia. Ndo bandama hiyo, inakandamiza tumbo la chakula.

Hemoglobini ilikuwa 7.6, damu ndogo. Nikachukua slaidi nikaiangalia mwenyewe kwenye hadubini, seli nyekundu badala ya kuwa duara zina mkia, kama tone la chozi. Sasa hapa wengi wanaingia mkenge, damu ikipakwa vibaya kwenye kioo seli zinavutika zinaota mikia, ila hiyo yote inaelekea upande mmoja. Ya mzee ilikuwa inaelekea kila upande, halafu kulikuwa na seli nyekundu changa bado zina kiini, hizo kwa mtu mzima zinakaa ndani ya mfupa, hazitoki nje.

Tukaenda kuvuta uloto wa ndani ya mfupa, nyonga ya nyuma. Navuta bomba, hola. Nikahamisha sindano, hola tena. Unaweza kudhani umekosea sehemu, kumbe ukavu wenyewe ni dalili, kwa hiyo nikakata kipande cha mfupa kikapakwa rangi yenye madini ya fedha, na nyuzi nyeusi zikaonekana zimesongamana kama wavu.

Ugonjwa unaitwa mailofaibrosisi. Seli mama ya damu inapata kosa kwenye jeni, zile seli kubwa zinazozaa chembe sahani za kugandisha damu zinakuwa za ovyo na kumwaga kemikali zinazoamsha seli za nyuzi, basi uloto unageuka kovu. Damu inakosa pa kutengenezewa, inahamia kwenye bandama na ini, kazi ambayo viungo hivyo viliifanya mtu akiwa tumboni kwa mama. Kipimo cha jeni cha BCR-ABL kilitoka hasi, tulikifanya maana kuna saratani ya damu nayo inavimbisha bandama hivi hivi, cha kosa la jeni liitwalo JAK2 V617F kikatoka chanya, kama ilivyo kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa.

Binti akauliza, si muikate tu? Hapana mama, upasuaji huo una kuvuja damu na kuganda damu, na baadaye ini linaweza kuvimba badala yake. Kinachoponya kabisa ni kupandikiza uloto, ila kwa umri wake na hali ile kingeweza kumuua. Dawa ya ruksolitinibu inapunguza bandama vizuri, bei sasa, we acha. Tukaanza dawa ya haidroksiyurea dozi ndogo, tukipima damu mara kwa mara kwa sababu nayo inashusha hemoglobini.

Miezi mitatu baadaye bandama imepungua vidole viwili, matonge yamefika sita. Damu bado tunamwongezea, na wa kuchangia anawatafuta binti huyo huyo.